Zamu ya Choo Haina Uzito wa Zamu ya Uani

Kwenye nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, ugomvi wa usafi huanza Jumamosi asubuhi, mbele ya mlango wa choo. Ratiba imebandikwa ukutani, majina yako wazi, kila mtu ana zamu yake. Hata hivyo dada wa chumba cha mwisho anasema amesafisha choo mara tatu tangu mwezi uanze, na kaka wa chumba cha mbele anaapa kwamba hajawahi kuruka zamu hata moja. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Ratiba imehesabu zamu, haikuhesabu uzito wake.

Chukua nyumba yenye wapangaji wanne, kila mmoja na chumba chake: muuguzi, fundi umeme, mwanafunzi wa chuo na karani. Wanatumia pamoja choo na bafu, jiko, sebule yenye korido, na uani. Kazi za wiki ni nne, na watu ni wanne. Kwa hesabu ya haraka, baada ya wiki nne kila mmoja atakuwa amepita kila mahali na hakuna wa kulalamika.

Hesabu hiyo ni sahihi kama hakuna anayesafiri, anayeugua, anayebadilishana zamu wala anayehama. Nyumba ya namna hiyo ni nadra. Muuguzi ana zamu za usiku hospitalini. Mwanafunzi anaenda kwao chuo kikifungwa. Fundi akipata kazi Morogoro hurudi baada ya siku kumi, na kwa kuwa zamu yake ya choo ilipita akiwa safarini, anafidia kwa kutoa taka za wiki iliyofuata. Kwenye ratiba hiyo ni zamu kwa zamu. Kwa aliyeinama chooni badala yake, ni dhuluma.

Kwa hiyo kazi hupimwa kwanza, ndipo zizungushwe. Wengi hukimbilia dakika, lakini dakika hazitoshi. Kudeki sebule na korido kunaweza kuchukua dakika 40, na kusugua choo na bafu pia dakika 40, ila sijui ni nani angezihesabu kazi hizo mbili kuwa sawa. Harufu ina uzito wake, na kuinama vilevile. Maji ya bomba yakikatika, mwenye zamu ya choo hubeba ndoo kutoka kwenye tangi, na mwenye zamu ya sebule hapungukiwi na kitu.

Njia nyepesi ni kumpa kila mpangaji kikaratasi na alama 100, azigawe kwenye kazi zote nne kadiri anavyoona ugumu wake. Asionyeshe mwenzake mpaka wote wamalize. Katika nyumba yetu, watatu wameipa kazi ya choo alama 50. Muuguzi, aliyezoea usafi mzito kazini, ameipa 30 tu, na kero yake kubwa ni mafuta ya jikoni, aliyoyapa 35. Wakijumlisha na kugawa kwa nne wanapata choo 45, jiko 28, sebule 15, uani na taka 12. Choo kimoja kinakaribia uani mara nne. Ndiyo sababu fidia ya yule fundi iliwaudhi wenzake.

Alama zikishajulikana, mpangilio wa zamu nao hubadilika. Watu wengi huandika ratiba kuanzia kazi kubwa kushuka hadi ndogo: choo, jiko, sebule, uani. Anayeanzia choo atabeba alama 73 katika wiki mbili za kwanza, na anayeanzia sebule atabeba 27. Tofauti ni 46, na mmoja wao akihama mwisho wa wiki ya pili, tofauti hiyo haitalipwa kamwe. Afadhali kazi nzito ifuatwe na nyepesi: choo, kisha uani, kisha jiko, kisha sebule. Hapo aliyebeba mzigo mkubwa katika wiki mbili ana 60 na aliyebeba mdogo ana 40. Kazi ni zilezile, watu ni walewale, na pengo limepungua hadi 20.

Faida kubwa zaidi huonekana siku ya kubadilishana. Muuguzi akikosa wiki yake ya jiko na mwanafunzi akamshikia, deni si "zamu moja" bali ni alama 28. Anaweza kulilipa kwa jiko lingine, au kwa sebule na uani kwa pamoja, ambazo zina 27. Na kuna biashara nzuri zaidi. Muuguzi achukue zamu ya choo ya mwanafunzi, naye mwanafunzi amfanyie jiko na sebule. Kwa vipimo vyao wenyewe, muuguzi amefanya kazi ya 30 na kukwepa kazi za 55, na mwanafunzi amefanya kazi za 40 na kukwepa ya 50. Wote wawili wamepata nafuu, na wenzao hawakuongezewa mzigo wowote. Alama zisiachwe bila kuguswa, lakini. Kama kila mtu anaanza kugombea choo, 45 ni nyingi mno na zishushwe. Kama hakuna anayekubali kukibadilisha na chochote, zipande.

Haya yote yanahitaji daftari, kwa sababu kumbukumbu haiaminiki. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha utafiti ambao ndani yake waliwauliza wanandoa, kila mmoja kwa upande wake, anachangia sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Kwa wengi wao, majibu ya mume na mke yakijumlishwa yalizidi kazi nzima. Hawakuwa wakidanganya. Mtu hukumbuka vizuri jasho lake kuliko la mwenzake, na kama ni hivyo kwa wawili waliooana, wapangaji wanne wasiokutana mchana kutwa watakuwaje?

Jambo moja huua mfumo huu hata alama zikiwa nzuri: kazi iliyofanywa nusu. Choo kilichomwagiwa maji tu leo kitakuwa kigumu zaidi Jumamosi ijayo, na atakayelipa ni mwenye zamu inayofuata, kwa alama zilezile 45. Kwa hiyo waandike kazi iliyokamilika ni ipi. Kwa choo, sinki limesuguliwa ndani na nje, sakafu imepigwa deki, ukuta umefutwa hadi magotini, ndoo ya taka iko tupu na pipa la maji limejaa. Anayepokea zamu akague kabla ya kukubali, na kama bado, alama zisiandikwe. Vyombo visiingizwe kabisa kwenye zamu ya jiko, kila mtu aoshe alichokitumia. Zamu ni ya uchafu wa wote.

Mgonjwa naye asiandikiwe deni. Alama za wiki yake zigawiwe kwa waliobaki, kwa sababu nyumba inayomdai mtu aliyelazwa imepotea njia.

Jumamosi ijayo, kabla fagio halijashikwa, tafuteni vikaratasi vinne na kalamu, kila mmoja aandike alama zake peke yake. Mkimaliza kuzijumlisha, anzeni kwa kulipa deni la aliyekwisha sugua choo mara nyingi.