Puli ya mashine ya kusaga: kuchora kielelezo kitakachotoka mchangani salama

Puli ya mashine ya kusaga nafaka ikivunjika, njia ya mkato inayojulikana na wasubuji wengi ni kuichukua ile ya zamani, kuunga vipande vyake, kuushindilia mchanga kuizunguka, kuitoa, kisha kumimina alumini iliyoyeyushwa katika nafasi iliyobaki. Njia hiyo hutoa puli, ila si ile iliyokusudiwa. Alumini ikipoa husinyaa kwa kama asilimia 1.3 ya urefu wake, kwa hiyo puli ya milimita 200 huzaa nyingine yenye milimita 197 na nusu hivi. Ukiifanya ile mpya nayo kuwa kielelezo cha inayofuata, kufikia kizazi cha tatu uko kwenye 192, na hujagusa bado tatizo la mfereji wa mkanda, ambao huung'ang'ania mchanga na kuubomoa wakati wa kutoa.

Kielelezo kizuri hakifanani kabisa na kifaa kinachotakiwa. Ni kikubwa zaidi, kuta zake zimeinama kidogo, baadhi ya matundu yamezibwa, na mara nyingi kimekatwa vipande viwili. Nitaifuata puli moja tangu mchoro hadi kipimo cha mwisho: kipenyo milimita 200, upana wa rimu 25, mfereji mmoja wa mkanda wa aina ya B, kitovu chenye kipenyo cha milimita 60 na urefu wa 50, na bamba la unene wa milimita 10 linalounganisha kitovu na rimu katikati. Programu yoyote ya kuchora maumbo kamili inafaa. Nitaitaja zaidi FreeCAD kwa sababu ni ya bure.

Uamuzi wa kwanza hauhusu vipimo. Ni kuamua kielelezo kitagawanyika wapi na kutoka upande gani. Kalibu ya mchanga ina boksi la chini na boksi la juu, na pale yanapokutana ndipo mstari wa mgawanyo unapopita. Kila sehemu ya kielelezo lazima iweze kuvutwa kuelekea kwenye mstari huo bila kukwaruza wala kuvunja mchanga. Puli yetu ina umbo lilelile pande zote mbili, kwa hiyo bapa la mgawanyo linapita katikati ya unene wa bamba, na nusu moja ya kielelezo inalala chini, nyingine juu.

Hapo ndipo mfereji wa mkanda unapojionyesha. Nusu ya kielelezo inavutwa kwa mwelekeo wa shafti, ilhali mfereji umechimbwa kutoka pembeni, na mchanga ulioingia humo hauna njia ya kutoka. Wenye viwanda vikubwa wanaweza kutengeneza kiini cha mchanga kwa ajili yake. Kwa puli moja au kumi, ninashauri uuzibe kabisa: rimu isubiwe nzima, mfereji ukatwe baadaye kwenye mashine ya kukereza. Tundu la shafti nalo lizibwe, litatobolewa hukohuko.

Nyuso zitakazokerezwa zinahitaji nyama ya ziada. Milimita 3 kila upande zinatosha kwa alumini ya ukubwa huu, kwa kuwa ngozi ya kitu kilichosubiwa ina chembe za mchanga na haiko sawasawa. Kipenyo cha 200 kinakuwa 206, upana wa rimu unakuwa 31, urefu wa kitovu 56. Kipenyo cha nje cha kitovu hakikerezwi, kwa hiyo kinabaki 60.

Sasa mwinamo wa kuta. Chukua ndoo ya plastiki, ijaze mchanga mbichi, ushindilie, uipindue. Mchanga hutoka mzima kwa sababu mdomo wa ndoo ni mpana kuliko kitako: ukishasogea hata kidogo, ukuta wote umeshaachana nao. Ndoo yenye kuta zilizosimama wima ingeusugua mchanga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kielelezo hufanya kazi hiyo kwa upande wa pili, maana chenyewe ndicho kinachotoka na mchanga unabaki. Kanuni inakuwa moja tu: ukianzia kwenye bapa la mgawanyo na kwenda mbali nalo, umbo liendelee kupungua, lisiongezeke hata mahali pamoja.

Kwa kuta za nje natumia digrii 2. Kwa uso wa ndani wa rimu, ule unaozunguka bamba, naongeza hadi 3. Tofauti hiyo ina sababu yake. Mchanga ulio nje ya rimu umeegemea mchanga mwingine mwingi, lakini ule ulio kati ya rimu na kitovu umesimama peke yake kama pete, na katika boksi la juu unaning'inia. Ndio unaovunjika kwanza, na ndio unaostahili kuonewa huruma zaidi. Kona zote za ndani zizungushwe kwa nusu kipenyo cha milimita 5 hivi, kwa sababu kona kali kwenye kielelezo ni ncha kali kwenye mchanga, na ncha ya mchanga huanguka ndani ya metali.

Kwa kitu cha mviringo kama puli, njia safi ni kuuchora mwinamo moja kwa moja ndani ya mchoro wa nusu ya mkato, kisha kuuzungusha mchoro huo kwa amri ya `Revolution`. Jambo la kuangalia ni pale unapoweka kipimo cha 206. Ukiweka 206 katikati, kwenye mstari wa mgawanyo, ukuta utaingia ndani kadiri unavyoelekea ukingoni, na ule ukingo utakosa nyama uliyoihesabu. Weka 206 kwenye ukingo wa nje, uache katikati panenepe. Nusu ya upana ni milimita 15.5. Kwa digrii 2 hiyo inaongeza kama nusu milimita kila upande, na katikati kipenyo kinafika 207.1. Kwa puli yetu kosa hilo lingevumilika. Kwa ukuta wenye kina cha milimita 150 lingekula zaidi ya milimita 5, na kitu chote kingeishia kwenye chuma chakavu.

Vitu visivyo vya mviringo vinachorwa wima kwanza, kisha kuta zinainamishwa kwa amri ya `Draft`, ambayo inakutaka uchague bapa lisilobadilika. Uchaguzi huo ndio ule ule wa wapi 206 ikae. SOLIDWORKS ina pia `Draft Analysis`, ambayo hupaka rangi kila uso kulingana na mwinamo wake na kuzionyesha kuta zilizobaki wima. Bila kifaa hicho, kata modeli kwa mabapa kadhaa yanayokwenda sambamba na mgawanyo. Kila mkato lazima uingie wote ndani ya mkato ulioutangulia. Ukiona mahali umechomoza nje, hapo mchanga utabomoka.

Kusinyaa kunakuja baada ya hayo yote. Zamani mchongaji wa vielelezo alitumia rula maalumu ambayo alama zake zimetanuliwa kwa kiasi cha kusinyaa kwa metali husika, kisha akapima kana kwamba anapima kitu chenyewe. Katika kompyuta, modeli nzima inakuzwa kwa namba moja:

```
D = (200 + 2*3) * 1.013 = 208.68 mm
```

Hicho ni kipenyo cha ukingoni, katikati, 207.1 inakuwa 209.8. Kwa chuma cha kusubu namba ni kama 1.010, kwa shaba nyeupe 1.015, kwa feleji 1.02. Namba ya alumini unaweza kuikagua mwenyewe: kila milioni moja ya urefu hupungua sehemu kama 24 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na kutoka pale inapoganda hadi joto la kawaida ni kama nyuzi 550. Zidisha, utapata 1.3 kwa mia.

Katika FreeCAD tengeneza `Clone` ya modeli, uweke 1.013 kwenye `Scale` kwa pande zote tatu. Modeli ya asili inabaki na vipimo unavyovielewa, na nakala inajisahihisha ukiibadilisha. Pembe za mwinamo hazibadiliki kwa kukuza. Kata nakala hiyo katikati, na matundu ya pini za kuziunganisha nusu mbili yawekwe sasa, si kabla: pini ya milimita 6 haisinyai, kwa hiyo tundu lake halipaswi kukuzwa. Yasipangwe kwa ulinganifu, ili nusu ya juu isiweze kukaa ikiwa imezungushwa vibaya.

Kuna kusinyaa kwingine ambako namba hii haikuponyi. Alumini inapogeuka kutoka majimaji kuwa gumu, ujazo wake hupungua kwa kama asilimia 6, na pengo hilo hujazwa na metali bado ya moto inayotoka kwenye tundu la kulishia, yaani akiba iliyosimama juu ya kazi. Kielelezo kikubwa zaidi hakisaidii chochote. Kwenye puli yetu bamba ni jembamba, hivyo linaganda kwanza na kuifunga njia kati ya kitovu na rimu. Ukiweka tundu la kulishia juu ya kitovu peke yake, rimu nene itajitafutia metali na kuikosa. Nje itaonekana nzuri. Utajua siku unapokata mfereji, kisu kinapofungua vishimo vyenye kuta za kukwaruza pale pale mkanda utakapokaa. Vishimo vya mviringo vyenye kuta laini ni vya gesi, na hivyo vina tiba nyingine. Rimu ipewe akiba yake, na nafasi yake ichorwe kwenye modeli tangu mwanzo.

Kielelezo kikichapwa kwa printa ya plastiki, matabaka yake huacha ngazi ndogondogo zinazozunguka ukuta na kukatiza njia ya kutokea. Mwinamo wa digrii 2 hauzishindi. Piga msasa, paka vanishi, piga msasa tena hadi kidole kisihisi kitu.

Namba 1.013 yenyewe ni ya kuanzia. Mchanga ulionaswa ndani ya rimu huizuia isisinyae kikamilifu, wakati kitovu hakina kizuizi cha namna hiyo. Kwa hiyo puli ya kwanza usiipeleke kukerezwa kabla ya kuipima. Pima kipenyo cha ndani cha rimu kwenye kielelezo, kisha mahali hapohapo kwenye puli iliyopoa. Tuseme kielelezo kina 152.0 na puli ina 150.3: gawanya, utapata 1.011, na hicho ndicho kusinyaa kwa kweli kwa umbo hilo, mchanga huo na alumini hiyo. Rudi kwenye modeli. Kipenyo cha ndani ukisahihishe peke yake, na kilichobaki ukiache kwenye 1.013 mpaka kipimo cha kitovu nacho kikuambie vingine.