Ritifaa Iliyogeuka ΓÇÖ

Dada mmoja, afisa mifugo, aliwahi kunipigia simu akiwa na hofu kwamba kompyuta yake imeingiwa na kirusi. Alikuwa ametumiwa zipu yenye hesabu za chanjo za wilaya nzima. Alipoifungua kwenye Windows, mafaili karibu yote yalitoka na majina safi, `Mbuzi na kondoo.xlsx`, `Kuku wa kienyeji.xlsx` na kadhalika. Moja tu lilitoka hivi: `Chanjo ya ngΓÇÖombe.xlsx`.

"Na mwenzangu aliyenitumia anaapa kwamba kwake linasomeka vizuri," aliniambia. "Sasa kaka, nani muongo?"

Hakuna aliyedanganya. Mwenzake alikuwa anatumia Mac. Nilimwomba dada yule atazame kama ndani ya zipu kuna folda inayoitwa `__MACOSX`, naye akaiona. Folda hiyo huongezwa na Mac yenyewe inapofungasha mafaili, na ukiikuta basi umeshajua zipu ilizaliwa wapi. Kilichobaki ni kueleza kwa nini ritifaa moja ya ng'ombe imezaa vikaragosi vitatu, na kwa nini ni vile vitatu na si vingine.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Kila baiti ni namba kati ya 0 na 255, na ili namba iwe herufi lazima pawe na jedwali linalosema namba fulani ni herufi fulani. Kuanzia 0 hadi 127 majedwali karibu yote tunayokutana nayo yanakubaliana: 110 ni n, 103 ni g, popote uendapo. Ugomvi uko kwenye nusu ya juu, 128 hadi 255, ambako kila mtengenezaji na kila nchi ilijaza ilichohitaji.

Kiswahili kina bahati hapa, bahati ambayo hatuizungumzii. Herufi zetu zote zimo katika ile nusu ya chini isiyo na ugomvi, ndiyo maana `Kuku wa kienyeji` husafiri salama kutoka mashine yoyote hadi nyingine. Mwandishi wa Kifaransa aliyeko Bujumbura au Kinshasa hana raha hiyo, kwa sababu é zake zinakaa nusu ya juu. Sisi tuna tundu moja tu, ritifaa ya ng'. Tena si ritifaa yoyote. Ile iliyonyooka, unayoipata ukibonyeza kitufe kwenye kibodi, ni namba 39 na haina shida. Lakini programu za kuandikia huwa zinaikunja zenyewe iwe ’, ili ipendeze. Mwenzake yule afisa alikuwa amenakili kichwa cha waraka wake na kukibandika kuwa jina la faili, na ritifaa iliyokunjwa ikaja nacho.

Ritifaa hiyo iliyokunjwa haimo katika namba 0 hadi 127. Mac huandika majina kwa UTF-8, utaratibu ambao herufi za nusu ya chini hubaki na baiti moja na nyingine zote hupewa baiti mbili hadi nne. Ritifaa iliyokunjwa hupata baiti tatu: 226, 128 na 153. Hizo tatu ndizo zilizoingia kwenye zipu.

Sasa tuhamie upande wa pili. Windows ilipofungua zipu ilizikuta namba 226, 128, 153, na mahali pa kuuliza jedwali gani limetumika ikakuta kimya. Kwa hiyo ikatumia la kwake. Kompyuta ya dada yule ilikuwa na mipangilio ya Kiingereza cha Marekani, na jedwali la zamani linaloandamana na mipangilio hiyo linaitwa 437. Humo 226 ni Γ ya Kigiriki, 128 ni Ç, na 153 ni Ö. Ndiyo ΓÇÖ. Ingekuwa mipangilio ya Kiingereza cha Uingereza, jedwali lingekuwa 850, ambamo 226 ni Ô, naye angeona `ngÔÇÖombe`. Zipu ileile, baiti zilezile, makorokocho tofauti. Watu wawili ofisi moja wanaweza kubishana kuhusu jina hilo na wote wakawa wanasema kweli.

Jedwali 437 ni la kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981. Phil Katz alipotoa muundo wa zipu mwaka 1989, programu yake ilikuwa ya DOS, na majina ya mafaili yaliandikwa kwa jedwali la mashine hizo. Mpaka leo maelezo rasmi ya muundo huo yanasema kwamba, pasipo taarifa nyingine, jina lisomwe kwa 437. Ni uamuzi uliokuwa na maana kwa mtu wa Milwaukee anayewaandikia watumiaji wa DOS. Hakukuwa na nafasi ya kuandika lugha wala jedwali, kwa kuwa hakuna aliyeiona haja.

Nafasi hiyo ilipatikana mwaka 2006, nayo ni ndogo kuliko unavyodhani: biti moja. Ndani ya zipu kila faili lina kichwa chenye baiti 30 kinachotangulia jina lake, na baiti mbili kati ya hizo ni za bendera, yaani swichi 16 za ndiyo au hapana. Swichi zinahesabiwa kuanzia sifuri, na ile ya namba 11 ndiyo iliyopewa kazi ya kusema "jina hili ni UTF-8". Ikiwashwa, Windows ya kisasa husoma ritifaa bila kusita. Ikizimwa, tunarudi kwa IBM ya 1981.

Kasoro iliyomkuta afisa wetu ni kwamba kwa miaka mingi chombo cha kufungashia kilichomo ndani ya Mac kiliandika majina kwa UTF-8 lakini hakikuiwasha bendera. Kinapofungua zipu zake chenyewe hakioni tatizo, kwa sababu kinakisia UTF-8 na kupatia. Linux nayo, ikikuta zipu iliyojitambulisha kuwa imetoka kwenye mfumo wa jamii ya Unix, huziacha baiti kama zilivyo, na kwa kuwa skrini yake inasoma UTF-8 jina linatoka zima. Windows peke yake ndiyo inayoonekana mjinga. Watu huilaumu, nami naona wanaionea: anayeandika kwa jedwali moja bila kusema, huku kanuni ikisema ukimya maana yake ni jedwali jingine, ndiye mwenye kosa.

Ukitaka ushahidi badala ya maneno, Python inatosha:

```
import zipfile
for f in zipfile.ZipFile("chanjo.zip").infolist():
    print(f.create_system, f.flag_bits & 0x800, f.filename)
```

Kwa zipu ya afisa wetu mstari wa ng'ombe ulitoka `3 0 Chanjo ya ngΓÇÖombe.xlsx`. Ile 3 inamaanisha zipu ilitengenezwa na mfumo wa jamii ya Unix, na Mac imo. Ile 0 ni bendera iliyozimwa. Ingewashwa tungeona 2048. Na tazama, Python imeonyesha ΓÇÖ hata ukiiendesha kwenye Mac yenyewe, kwa sababu inafuata kanuni iliyoandikwa na haikisii.

Watu huuliza kama yaliyomo ndani ya faili nayo yameharibika. Hapana. Zipu huweka kwa kila faili namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili kukamata baiti iliyopotea njiani. Jina halimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana ukiipima zipu hii utaambiwa ni nzima, na ni nzima kweli. Jina nalo ni zima, limesomwa tu kwa jedwali lisilo lake.

Hapo ndipo penye matumaini. Jedwali 437 lina herufi kwa kila moja ya namba zake za juu, wala hakuna namba mbili zinazogongana. Kwa hiyo unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua: rudisha Γ, Ç na Ö kuwa 226, 128 na 153, halafu zisome upya kwa UTF-8.

```
jina = "Chanjo ya ngΓÇÖombe.xlsx"
print(jina.encode("cp437").decode("utf-8"))
```

Kinachotoka ni `Chanjo ya ng’ombe.xlsx`. Asiyependa kuandika programu afungue zipu upya kwa 7-Zip na kuiamuru itumie UTF-8, ambayo kwenye Windows ina namba 65001:

```
7z x -mcp=65001 chanjo.zip
```

Zipu inaweza pia kwenda upande wa pili. Iliyotengenezwa kwenye Windows ya Kiarabu, mathalani huko Omani, inaweza kubeba majina yaliyoandikwa kwa jedwali 720. Humo alifu ni 159 na be ni 160, kwa hiyo neno `باب`, ambalo ni mlango, hufika kwenye mashine ya 437 likiwa `áƒá`. UTF-8 haisaidii chochote hapo. Lazima ujue au ukisie jedwali la mtumaji, na kwa 7-Zip ya Windows unalitaja hivi:

```
7z x -mcp=720 majina.zip
```

Makorokocho yenyewe hukupa dalili. Ukiona Γ au Ô ikifuatwa na Ç, au vipande vya mistari ya jedwali kama `├⌐` mahali ambapo Kifaransa kingeweka é, hiyo ni UTF-8 iliyosomwa kwa jedwali la DOS. Ukiona `e╠ü` badala yake, bado ni UTF-8, ila é imeandikwa kwa mtindo unaopendwa na Mac wa kutenga e na alama yake ya juu, kila moja na baiti zake. Lakini ukiona alama za kuuliza, visanduku vitupu, au mistari ya chini iliyopangana pale palipokuwa na herufi, basi programu iliyofungua imekata tamaa na kuzitupa baiti za asili. Jina la aina hiyo halirudishwi kwa hesabu yoyote. Irudie zipu yenyewe, ambamo baiti bado zipo, uifungue kwa chombo kingine. Kwa sababu hiyo usiifute zipu kabla hujayakagua majina.

Dada yule alilibadilisha jina kwa mkono, ritifaa iliyonyooka, sekunde tano. Mwezi uliofuata zipu ilikuja tena kutoka kwenye Mac ileile, safari hii ikiwa na faili la `Ng’ombe wa maziwa`. Akanitumia ujumbe wa herufi tatu tu: ΓÇÖ. Nikajua anacheka.