Kwa Nini Nyekundu Hutoroka Kwanza

Ukipaka nywele rangi ya shaba, yaangalie maji utakapoziosha mara ya kwanza. Yatatoka ya waridi au ya machungwa. Hiyo ni rangi uliyoilipia saluni, na inakwenda na maji.

Rangi ya kudumu huingia kwenye unywele ikiwa chembe ndogo mno. Amonia hufungua magamba ya nje, chembe hupenya, kisha peroksaidi huziunganisha humo ndani zikawa kubwa, zisitoke kirahisi. Zinazoleta weusi na kahawia iliyokoza hunenepa vya kutosha. Nyingi za nyekundu na shaba hubaki ndogo hata baada ya kuungana, kwa hiyo kila maji yanapouvimbisha unywele, baadhi huchopoka.

Sisi wenye nywele nyeusi tuna tatizo la ziada. Shaba haionekani juu ya weusi mpaka weusi wenyewe upunguzwe kwa blichi, na blichi huacha unywele na matundu yanayozidi kuvujisha. Lakini weusi hautoki kwa mara moja: nywele hupita kwenye wekundu, zikaja machungwa, halafu njano. Kwa shaba, msusi asimame kwenye machungwa. Akizifikisha njano ameziumiza bure, na rangi ikipauka kitakachobaki ni unjano mkavu. Akisimama mapema, hata shaba ikipungua, chini yake kuna machungwa yanayoibeba. Kama nywele zimewekwa dawa ya kulainisha, mimi nisingeruhusu blichi kabisa. Ndipo nywele zinapokatikia kwenye mizizi.

Baada ya hapo adui mkubwa ni maji. Subiri siku tatu kabla ya kuosha, kisha osha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa shampuu isiyo na salfeti na maji ya baridi au vuguvugu. Anayefanya mazoezi kila siku asioshe jasho kwa shampuu kila mara. Asuke nywele, azifunike.

Rangi iliyotoka irudishwe kidogo kidogo. Nunua rangi ya shaba ya muda, ile isiyochanganywa na peroksaidi. Changanya kijiko kimoja na vijiko vitano vya kondishena, paka kwenye nywele safi zenye unyevu, acha dakika 15, suuza. Vaa glavu, na jaribu kwanza kwenye fungu dogo la kisogoni. Kila wiki ya tatu inatosha.

Jua kali nalo huvunja chembe hizo, hivyo jifunge kitambaa unapokuwa nje mchana kutwa. Pasi ya nywele isizidi nyuzi 180.

Taulo jeupe litakuonyesha hali ilivyo. Likiendelea kuchafuka kwa rangi baada ya kuosha mara tano au sita, nywele zimetoboka mno: usiongeze blichi, kata ncha.