Namba Imefichwa, Mwenye Namba Anaonekana

Mwanafunzi anayetafuta chumba cha kupanga Mazimbu, nje ya Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huacha namba yake ya simu kila anapopita. Dalali anaichukua, mwenye nyumba anaichukua, bodaboda anaisevu, na darasani karatasi ya mahudhurio inazungushwa ikiwa na safu ya majina na safu ya namba. Mwanafunzi huyohuyo akiingia kwenye grupu la Telegram kwa jina la kubuni, huamini hajulikani, kwa kuwa ameshaficha namba. Kwa kweli ameficha nusu tu.

Telegram ina maswali mawili tofauti kuhusu namba yako. La kwanza ni nani aione namba hiyo kwenye akaunti yako. La pili ni nani aipate akaunti yako akiwa tayari anayo namba. Wengi hujibu la kwanza na kufunga ukurasa, ilhali la pili ndilo linalowaumbua.

Chukua mfano huu wa kubuni. Kwenye grupu la wapangaji, mtu anayejiita Mtoto wa Uluguru anaandika kwamba dalali fulani amekula hela ya kuonyesha vyumba na vyumba vyenyewe havipo. Dalali naye yumo humo, kimya. Haoni namba ya mwandishi, maana imefichwa. Lakini simu yake imejaa namba za wanafunzi, na zile ambazo hana anaweza kuzipata kwenye karatasi yoyote ya mahudhurio iliyoachwa mezani. Anazisevu zote, kisha anairuhusu Telegram isome orodha ya namba zake. Programu inalinganisha kila namba na akaunti zilizopo, na inapokuta zinazooana inaziunganisha. Akirudi kwenye grupu, aliyekuwa Mtoto wa Uluguru sasa anasomeka kwa jina ambalo dalali mwenyewe alimsevu nalo, labda “Dada wa chumba cha Kihonda”. Hakuna aliyedukuliwa. Programu imefanya kazi iliyoundwa kuifanya, yaani kukuonyesha ni nani kati ya watu wako yumo Telegram.

Jambo hili hili liliwashtua waandamanaji wa Hong Kong mwezi Agosti 2019. Walikuwa wameficha namba zao, lakini ikabainika kwamba mtu anayesevu namba nyingi kwa mfululizo angeweza kuoanisha namba na akaunti zilizomo kwenye magrupu ya wazi. Mwezi uliofuata Telegram ikaongeza swali la pili kwenye mipangilio.

Kwetu Tanzania kuna hatua moja zaidi inayolifanya jambo kuwa zito. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ukianza kutuma pesa kwa simu kwenda namba fulani, jina la mwenye laini hutokea ili uthibitishe, na unaweza kusitisha muamala hapo hapo bila kutuma hata shilingi. Kwa hiyo anayeijua namba amelijua na jina kamili. Ndiyo maana swali la nani anaweza kukupata kwa namba lina uzito mkubwa kuliko la nani anaiona.

Kulifunga swali hilo, ingia Settings za Telegram, kisha Privacy and Security, kisha Phone Number. Penye swali la nani aone namba, chagua Nobody. Ukichagua hivyo tu ndipo swali la pili, Who can find me by my number, litakapojitokeza chini yake. Ukiacha la kwanza kwenye My Contacts, la pili hulioni kabisa, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Hilo la pili liweke My Contacts. Halina chaguo la Nobody, na kasoro hiyo siipendi.

Sasa soma vizuri maana ya My Contacts. Ni watu uliowasevu wewe, si waliokusevu wao. Kama dalali yumo kwenye simu yako, na Telegram inasoma orodha yako, basi yeye ni mtu wako na bado atakupata. Humo humo ndani ya Privacy and Security zima Sync Contacts, halafu bonyeza Delete Synced Contacts. Kwenye simu za iPhone utavikuta chini ya Data Settings. Fuata mpangilio huo, kwani ukifuta bila kuzima, orodha itapakiwa upya. Baadaye mwongeze kwa mkono yule tu unayetaka akupate. Unapomwongeza, angalia kama kuna alama ya kumruhusu aione namba yako, uiondoe kama hukukusudia.

Mpangilio huu haurudi nyuma. Aliyekuoanisha jana huenda akabaki na akaunti yako kwenye orodha yake. Tena unapojiunga Telegram kwa mara ya kwanza, waliokusevu wanaweza kupata taarifa kwamba umejiunga kabla hujafika kwenye mipangilio. Wala haukufichi kwa kampuni yenyewe. Tangu Septemba 2024 Telegram imesema wazi kwamba inaweza kutoa namba na anwani ya mtandao ya mtumiaji kwa mamlaka zinazoomba kwa njia halali ya kisheria.

Usiamini kwa kuona tu alama imekaa mahali pake. Omba simu ya mtu mwenye Telegram ambaye hujamsevu na hajawahi kukusevu. Aiandike namba yako kama mtu mpya ndani ya Telegram. Akiambiwa kwamba mwenye namba hayumo na kwamba anaweza kumwalika, umefungika. Akikuona na picha yako, rudi ukague nani amebaki kwenye orodha yako. Jaribio kwa simu ya mwenzako wa chumbani halina maana, kwa sababu mmesevuana siku nyingi.

Kuongezwa kwenye magrupu ni mlango mwingine, nao una kufuli lake. Kwenye Telegram ni Groups & Channels, ambayo katika baadhi ya simu imeandikwa Invites. Kwenye WhatsApp ni Settings, Privacy, kisha Groups. Kote weka My contacts. Asiyeruhusiwa atalazimika kukutumia mwaliko, na wewe uamue.

Ila WhatsApp haina swali la pili. Mwenye namba yako anaweza kujua kuwa uko huko. Mwezi Novemba 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walieleza jinsi walivyoijaribu huduma hiyo ya kutafuta watu kwa namba, wakazikagua zaidi ya namba milioni 100 kwa saa na kuorodhesha akaunti bilioni 3.5. Namba zetu zinazoanza na 0754 haziwezi kuzidi milioni moja, kwa kuwa baada ya hapo zinabaki tarakimu sita tu. Kwa mwendo huo, zingekaguliwa zote kwa chini ya dakika moja. WhatsApp iliweka vizuizi baada ya kuarifiwa. Unachoweza kufanya huko ni kupunguza anachokikuta mgeni: ndani ya Privacy, weka Profile photo na About kwenye My contacts.

Signal ndiyo iliyolimaliza tatizo hili vizuri zaidi. Tangu Februari 2024 namba haionyeshwi kwa wasioijua, unaweza kutumia jina la mtumiaji badala yake, na Who can find me by my number ina chaguo la Nobody. Lakini chaguo-msingi ni Everybody, kwa hiyo lazima ulibadilishe mwenyewe. Kwa grupu la wapangaji wanaotaka kumtaja dalali bila kujulikana, ningeshauri Signal. WhatsApp msiitumie kwa kazi hiyo, kwa kuwa kwenye grupu la kawaida kila mwanachama anaiona namba ya mwenzake.