Kila Shilingi na Kazi Yake: Kuandika Upya Maelezo ya Bajeti ya Utafiti

Katika andiko la kuomba ruzuku ya utafiti, jedwali la bajeti hutaja kiasi cha fedha kinachoombwa, na maelezo yanayofuata jedwali hilo hueleza kwa nini kinaombwa. Maelezo hayo mara nyingi huandikwa usiku wa mwisho, na mtu ambaye hakuandika sehemu ya mbinu. Ndiyo maana mengi hurudia jedwali kwa maneno tu: kompyuta zitatumika kwa kazi za utafiti, vifaa vya maabara ni muhimu kwa kufanikisha utafiti, mafuta yatatumika kwa usafiri. Msomaji wa jopo la mfadhili akimaliza kusoma sentensi hizo hajui lolote ambalo hakulijua kabla.

Mfano wa kutungwa, wenye hesabu ndogo, unatosha kuonyesha namna maelezo ya aina hiyo yanavyoweza kuandikwa upya. Watafiti wa kliniki moja ya kisukari wanataka kujua ni wagonjwa wangapi wameanza kupata madhara ya figo bila dalili. Kipimo chao ni uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo. Uwiano unaofikia miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini huhesabiwa kuwa umepanda. Hata hivyo kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mgonjwa kwamba figo zake zimeathirika, kwa kuwa homa, maambukizi ya njia ya mkojo au hata mazoezi mazito vinaweza kuupandisha uwiano huo kwa siku chache. Hali hiyo sharti idumu kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo andiko lao linasema kwamba wagonjwa 300 watapimwa mara ya kwanza, na wale watakaoonekana na albumini nyingi watapimwa tena baada ya wiki 13. Kumbukumbu za kliniki zinawapa makadirio ya mtu mmoja kati ya watatu, yaani watu 100 watakaorudi.

Bajeti ya kwanza ilikuwa na mistari mitano: vifaa vya maabara, shilingi 6,000,000, muuguzi wa utafiti, miezi 12 kwa muda wote, mafuta ya gari, shilingi 4,000,000, kompyuta moja, na mengineyo, shilingi 3,000,000. Hakuna hata mstari mmoja uliokuwa wa udanganyifu. Kila mmoja ulitokana na mazoea ya miradi iliyotangulia.

Kuandika upya kulianza mahali ambapo wengi hawaanzii, yaani kwenye sehemu ya mbinu. Jedwali la fedha liliwekwa kando. Mtafiti mkuu, mtaalamu wa maabara na muuguzi walikaa pamoja, wakaandika kwa mpangilio wa siku kila kitakachomtokea mgonjwa mmoja tangu anapokaribishwa hadi anapopewa majibu yake ya mwisho. Mhasibu aliitwa baadaye. Mpangilio huu una maana yake: anayeanza na fedha hutafuta kazi ya kuzifunika, na anayeanza na kazi hulazimika kuzitafutia fedha zote, pamoja na zile alizozisahau.

Mstari wa maabara ndio uliofichua mengi zaidi. Kipimo hiki kilipangwa kufanywa kwa mashine ndogo iliyopo kliniki, inayotumia katriji moja kwa kila sampuli. Sanduku la katriji kumi, katika mfano huu, ni shilingi 200,000. Shilingi 6,000,000 zilinunua masanduku 30, yaani katriji 300, moja kwa kila mgonjwa. Hesabu ilionekana safi mpaka ilipowekwa kando ya mbinu. Marudio ya watu 100 hayakuwamo. Sampuli za udhibiti wa ubora, ambazo mtaalamu wa maabara huzipima kila wiki, moja ya kiwango cha chini na moja ya kiwango cha juu, hazikuwamo. Wala hazikuwamo katriji zitakazoharibika, au zile ambazo mashine itazikataa.

Hesabu mpya ilikwenda hivi. Vipimo vya wagonjwa ni 300 na marudio 100, jumla 400. Asilimia tano ya hizo, yaani katriji 20, ni akiba ya zitakazoharibika. Uandikishaji wa wagonjwa 15 kwa wiki utachukua wiki 20, na mgonjwa wa mwisho atarudi wiki ya 33. Sampuli mbili za udhibiti kwa wiki 33 ni katriji 66. Jumla ni 486, nazo hazinunuliwi moja moja, kwa hiyo ni masanduku 49, sawa na shilingi 9,800,000. Kwa bajeti ya kwanza, hata kama hakuna katriji moja ambayo ingeharibika, zote zingekwisha ndani ya wiki ya 17, kabla uandikishaji wenyewe haujamalizika.

Maelezo mapya ya mstari huo yalisomeka hivi: “Masanduku 49 ya katriji za kupima albumini na kreatinini, kwa shilingi 200,000 kila moja, yatatumika kwa vipimo 300 vya awali na marudio 100 ya wiki ya 13 yaliyoelezwa katika sehemu ya mbinu, pamoja na udhibiti wa ubora wa kila wiki (66) na akiba ya asilimia tano (20). Katriji zitanunuliwa kwa awamu mbili kwa sababu hutunzwa katika jokofu na zina tarehe ya mwisho ya matumizi.” Hakuna neno la kusifu humo. Msomaji akitaka kupinga, anaweza kupinga idadi, bei au akiba, na kila kimoja kina jibu lake.

Mstari wa muuguzi ulihitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa muda wa mtu hauhesabiki kama katriji. Ziara ya kwanza, yenye maelezo ya utafiti, fomu ya ridhaa, hojaji na vipimo, ilikadiriwa kuchukua saa moja na dakika 20. Wagonjwa 300 ni saa 400. Ziara ya marudio pamoja na simu za kumkumbusha mgonjwa ni saa moja. Watu 100 ni saa 100. Jumla saa 500, ambazo ni kama miezi mitatu ya kazi ya muda wote. Miezi 12 iliyoombwa mwanzoni haikuwa na kazi ya kuijaza.

Hata hivyo kuomba saa 500 kamili kungekuwa kosa la upande wa pili. Muuguzi atazungumza pia na watu watakaokataa au wasiotimiza vigezo. Wakiwa 180, kwa dakika 20 kila mmoja, ni saa 60. Kuhakiki fomu za ziara 400, dakika 15 kila moja, ni saa 100. Wiki ya mafunzo kabla ya kuanza ni saa 20. Sasa jumla ni saa 680, nayo ni nusu ya muda wa kazi kwa wiki 34. Kazi itazidi nusu ya muda tangu uandikishaji unapoanza, na itazidi zaidi kati ya wiki ya 14 na ya 20, uandikishaji na marudio vitakapokutana. Baada ya hapo itapungua sana. Maelezo yalisema hivyo waziwazi, kwa kuwa mpitiaji makini angeligundua jambo hilo mwenyewe na kujiuliza kwa nini limefichwa.

Mafuta ya gari yalifutwa. Utafiti wote unafanyika katika kliniki moja, na palipoulizwa ni kazi ipi itakayosimama gari lisipotembea, hakuna aliyepata jibu. Kipimo hiki cha kufuta ni kikali, lakini hufanya kazi haraka kuliko kingine chochote. Shilingi 4,000,000 zilizotoka hapo zilikaribia kulingana na 3,800,000 zilizopungua kwenye katriji. Kompyuta ilibaki, lakini kwa nusu ya bei, kwa sababu mradi mwingine wa kliniki utaitumia pia. Kanuni za fedha za serikali ya Marekani, ambazo watafiti wengi wa Afrika Mashariki hukutana nazo kupitia ruzuku za nchi hiyo, hudai kwamba gharama iwe ya lazima, iwe ya kiasi, na ibebwe na mradi kwa kadiri mradi unavyonufaika nayo. Sharti hilo la tatu ndilo husahauliwa.

Mstari wa mengineyo ndio wa hatari kuliko yote, na hatari yenyewe humwangukia mgonjwa. Ulipofunguliwa, ndani yake zilikutwa ada ya kibali cha maadili, vocha za simu na nauli za wagonjwa. Jopo linalotafuta pa kupunguza huanza na neno hilo, nalo halijui kwamba linafuta nauli. Ziara ya kwanza huangukia siku ya kawaida ya kliniki, ambapo mgonjwa angekuja hata hivyo. Ziara ya wiki ya 13 ni ya utafiti. Mwenye albumini nyingi asiporudi kwa kukosa nauli, hupoteza majibu yaliyokuwa yamwambie kama figo zake zinahitaji dawa, na utafiti nao hubaki na kipimo kimoja kisichothibitisha kitu. Tena wasiorudi huwa ni wale wa mbali na wasio na kipato, kwa hiyo matokeo huegemea upande wa wanaoishi karibu.

Basi nauli ilipewa mstari wake: watu 100, shilingi 10,000 kila mmoja kwenda na kurudi, jumla 1,000,000, kwa ziara ya wiki ya 13 tu. Vocha za simu mbili kwa kila mmoja wao zikawa shilingi 200,000, na ada ya kibali ikaandikwa kwa jina lake. Kuitaja ziara kulisaidia pia mbele ya kamati ya maadili, ambayo hutaka kuona kwamba fedha anayopewa mgonjwa ni fidia ya safari na si kishawishi cha kumfanya akubali.

Zipo gharama ambazo haziwezi kufungwa na kazi moja, na kuzilazimisha ni kuharibu hati. Umeme, ulinzi, uhasibu wa chuo na maji ya maabara huhudumia miradi yote kwa pamoja. Hizo ni gharama zisizo za moja kwa moja, nazo hulipwa kwa asilimia. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi zimezilipa taasisi za nje ya nchi hiyo asilimia 8 tu. Anayeingiza umeme katika mstari wa vifaa ilhali ameomba pia asilimia hiyo anaomba fedha ileile mara mbili, na wakaguzi hulitafuta kosa hilo.

Mfadhili wa mfano huu akisema atapunguza shilingi 2,000,000 kwenye maabara, watafiti hawatahitaji kulalamika. Watajibu kwamba hizo ni masanduku kumi, yaani vipimo 100, nao watauliza apunguzwe nani: wagonjwa wapya, ambapo ukubwa wa sampuli utakokotolewa upya, au marudio, ambapo swali la utafiti halitajibiwa.