Kabla Boti Haijaanza Kujibu Wateja

Tuseme mwenye duka la vipuri vya magari Kariakoo anataka umtengenezee boti ya WhatsApp itakayojibu wateja "kila kitu". Usitaje bei bado. Mwombe kwanza usome meseji za duka za wiki chache zilizopita. Utakuta watu wanauliza brekipedi za Noah, bei ya mwisho, kama mnatuma Mwanza, na "mzigo wangu umefika wapi?" Hilo la mwisho haliwezi kujibiwa bila boti kuunganishwa na daftari la oda, nayo ni kazi nyingine yenye malipo yake. Iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Kisha chagueni meseji 100, zikiwa na makosa yake ya tahajia, na mwenye duka mwenyewe aandike majibu sahihi. Huo ndio mtihani wa boti. Mnaweza kukubaliana ipate 90, lakini makosa hayalingani: kukosea saa ya kufunga si sawa na kutaja bei ya uongo. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na boti yake kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea kwamba boti inawajibika yenyewe, utetezi ukakataliwa. Kwa hiyo bei isomwe moja kwa moja kwenye jedwali la duka, na kipuri kisichomo humo mteja apelekwe kwa muuzaji. Usimwahidi mtu yeyote asilimia mia.

Gharama ndipo wengi wanapokwama. Modeli hutozwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na kila mteja anapoandika, maelekezo yote pamoja na mazungumzo yaliyotangulia hutumwa upya. Chukulia kila jibu linatuma tokeni 2,000 na kurudisha 150, na mazungumzo yana majibu sita. Mazungumzo 2,000 kwa mwezi ni tokeni milioni 24 zinazoingia na milioni 1.8 zinazotoka. Kama bei ni dola 1 kwa milioni zinazoingia na dola 5 kwa zinazotoka, bili ni dola 33, bila kuhesabu seva na ada za WhatsApp. Pima kwa meseji za Kiswahili chenyewe, maana mara nyingi hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza.

Akaunti iwe ya mteja, kwa kadi yake, na iwe na kikomo cha matumizi. Kikifikiwa, boti itoe namba ya duka na kunyamaza.

Matunzo yawe na ada yake ya mwezi. Bei abadilishe mwenye duka kwenye jedwali. Wewe soma maswali yaliyoshindikana, na kampuni ya modeli ikistaafisha toleo mnalotumia, rudia ule mtihani wa meseji 100 kabla ya kuhamia jipya. Saa za kazi hiyo zitajwe tangu mwanzo, la sivyo utaifanya bure.