Maktaba Moja kwa Gemu za Maduka Manne

Mei 2020 duka la Epic liligawa bure Grand Theft Auto V, na wiki moja baadaye Civilization VI. Mwezi uliofuata GOG nao wakatangaza kwamba mtu aliyekwisha kununua The Witcher 3 kwenye duka jingine aunganishe akaunti zake kupitia programu yao ya GOG Galaxy, naye atapewa nakala ya GOG bila malipo. Waliochangamkia zawadi hizo, na zile ambazo Epic huendelea kutoa kila Alhamisi, leo wana mamia ya gemu ambazo hawakumbuki zimekaa wapi. Nyingine ziko Steam, nyingine Epic, nyingine GOG, na chache kwenye programu ya Ubisoft au ya EA. Nyingi ya programu hizo huonyesha za kwake tu.

Shida kubwa ya mtawanyiko huu ni kununua kitu mara mbili. Mtu aliyepata Civilization VI bure Epic akaisahau anaikuta Steam imepunguzwa bei, anainunua. Au kinyume chake: ana gemu yenyewe Epic, lakini nyongeza ya Gathering Storm anainunua Steam kwa kuwa huko ndiko alikozoea kulipia. Nyongeza hiyo haitafanya kazi. Nyongeza za duka moja hazifungui gemu ya duka jingine, hata kama mtengenezaji ni yuleyule na jina ni lilelile.

Steam wana njia yao ya kuingiza gemu za nje, iitwayo Add a Non-Steam Game. Inafaa kwa gemu mbili tatu. Kinachoingia ni njia ya mkato ya programu iliyopo tayari kwenye diski, kwa hiyo gemu 150 za Epic ambazo hazijapakuliwa hazitaonekana kamwe. Mwenye maktaba kubwa anahitaji programu inayosoma orodha ya akaunti yenyewe, si diski peke yake. Kwa Windows, inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi ni Playnite, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi.

Ukishaisakinisha, Playnite inakuuliza maduka unayotumia, unaingia kwenye kila akaunti, kisha inavuta majina yote pamoja na picha za jalada, aina ya mchezo na mwaka wa kutoka. Haichukui nafasi ya maduka. Ukibofya Play kwenye gemu ya Epic, programu ya Epic hufunguka kwanza, kisha gemu. GTA V ya Epic huita pia programu ya Rockstar. Kwa hiyo zile programu za maduka zinabaki kwenye kompyuta, ila huna tena haja ya kuzizunguka moja baada ya nyingine ukitafuta.

Kosa la wengi huanzia hapa. Wakiona orodha ya gemu 400 wanaanza kutengeneza makundi ya mkono: Mapigano, Mbio za Magari, Mafumbo, Vita. Ni kazi ya siku nzima isiyo na faida, kwa sababu aina ya mchezo imekwisha kuingia yenyewe na unaweza kuichuja kwa kubofya mara moja. Makundi ya mkono yabebe yale tu ambayo kompyuta haiwezi kuyajua: gemu ya kucheza na mdogo wako, gemu inayofaa nusu saa kabla ya kulala, gemu uliyoahidi kuimaliza. Matatu au manne yanatosha.

Umefikia wapi kwenye gemu pia si suala la makundi. Playnite ina sehemu yake, Completion Status, yenye hali kama Playing, Beaten na Abandoned. Ukishazijaza hizo, unaweza kuchanganya vichujio: zilizopakuliwa tayari, ambazo hazijachezwa, zinazokubali wachezaji wawili kwenye skrini moja. Mchanganyiko huo unaupa jina na kuuhifadhi, na gemu mpya yenye sifa hizo inaingia humo yenyewe. Kwa anayepakua kwa bando la simu, kichujio cha zilizopakuliwa ndicho cha kukiweka mbele, maana gemu moja kubwa siku hizi inaweza kuzidi GB 100.

Baada ya hapo ndipo zamu ya kuficha. Maktaba ya Steam hujaa vitu ambavyo hakuna atakayevicheza: seva za majaribio, matoleo ya beta yaliyokwisha, gemu zilizokuja kwenye kifurushi ukitaka nyingine. Steam wenyewe wana Hide this game chini ya Manage, na zilizofichwa huonekana tena kupitia menyu ya View. Lakini ieleweke kuficha kunafanya nini. Gemu iliyofichwa inaondoka machoni pako tu. Kwenye diski inabaki na nafasi yake inaikalia vilevile. Rafiki zako wataendelea kuiona kwenye akaunti yako, na ukiicheza wataona unaicheza. Asiyetaka waione atumie Mark as Private. Na kufuta kabisa gemu kwenye akaunti kupitia huduma kwa wateja wa Steam ni jambo jingine kabisa, maana ukiitaka tena utainunua upya.

Turudi kwenye The Witcher 3, kwa sababu ndani ya Playnite itatokea mara mbili, moja yenye alama ya Steam na moja ya GOG. Ifichwe ipi? Angalia kwanza nyongeza zilinunuliwa wapi, kisha angalia ulikoishia kucheza. Bahati nzuri gemu hii huweka kumbukumbu za mchezo kwenye folda ya Documents, ndani ya The Witcher 3\gamesaves, kwa hiyo nakala zote mbili zikiwa kwenye kompyuta moja husoma faili zilezile. Mafanikio uliyofungua Steam hayahami, na kila duka lina hifadhi yake ya mtandaoni. Faida ya nakala ya GOG ni kwamba kisakinishi chake unaweza kukiweka kwenye diski ya nje na kukitumia bila programu ya duka lolote. Mwenye nyongeza zote pande zote mbili abaki na ya GOG, ile ya Steam aifiche. Asiifute Playnite bila kuangalia: ikiulizwa kama iwekwe kwenye orodha ya kutoingizwa tena akakataa, itarudi maktaba ikisasishwa.

Kuna hitilafu moja ya kuzoea. Ukibadilisha nenosiri, au duka likikutoa kwenye akaunti, Playnite haiwezi tena kusoma orodha yake. Gemu za zamani zinabaki zikionekana kama kawaida, ndiyo maana watu hawagundui. Dalili ni kwamba zawadi ya Epic ya wiki hii haimo, na sehemu ya taarifa ina ujumbe wa kushindwa kuingiza. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya duka hilo na kuingia upya.

Makundi ya Steam yanakaa kwenye akaunti, ukinunua kompyuta nyingine yanakufuata. Ya Playnite yako kwenye diski yako tu, katika folda hii:

```
%AppData%\Playnite\library
```

Playnite ina kitufe chake cha kutunza nakala ya akiba. Ibonyeze kabla ya kusakinisha Windows upya, faili itakayotoka uiweke kwenye flashi au diski ya nje, kwa sababu orodha ya gemu itavutwa tena kutoka madukani lakini makundi, zilizofichwa na alama za ulikofikia hazitavutwa kutoka popote.